Namba ya EtCO2 ikishuka, ni pumzi au ni damu?

Wodi yetu ya dharura ina oksimita ya kidole kwa kila kitanda. Kapnografu itatuonyesha nini zaidi? (Muuguzi, Kisumu)

Dada, oksimita inasoma oksijeni iliyo kwenye damu. Pumzi haiisomi. Mgonjwa aliyevutishwa oksijeni vizuri kwa barakoa anaweza kuacha kupumua kabisa, na kidole kikaendelea kusoma 98 kwa dakika kadhaa kwa sababu mapafu bado yana akiba. Kapnografu inapima kaboni dayoksaidi katika hewa anayoitoa, pumzi kwa pumzi. Akiacha kupumua, mstari unalala papo hapo.

Lizoee umbo la wimbi kabla ya kuangalia namba. Pumzi inapoanza kutoka, mstari hukaa kidogo kwenye sifuri, maana hewa inayotangulia ni ile iliyobaki kooni na kwenye mirija bila kufika kwenye vifuko vya mapafu. Kisha hupanda wima, halafu hutulia ukawa tambarare yenye mwinuko mdogo sana. Ncha ya mwisho ya tambarare hiyo ndiyo EtCO2, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 35 na 45 mmHg. Akivuta hewa, mstari huanguka tena hadi sifuri. Kwa mgonjwa wa pumu aliyebanwa, hewa hutoka kwa shida, kwa hiyo ule upande wa wima hulala na tambarare hugeuka kuwa mlima.

Nikiingiza mrija halafu nikasikia sauti ya hewa kifuani pande zote mbili, bado nahitaji kapnografu? (Mwanafunzi wa utabibu, Kakamega)

Unaihitaji. Hewa inayoingia tumboni inaweza kusikika kifuani, hasa kwa mtoto au mtu mwembamba, na wengi wamedanganywa na sauti hiyo. Subiri uone mawimbi yakija mfululizo, angalau pumzi saba, bila kufifia. Tumbo lenye gesi kidogo, tuseme mgonjwa alikunywa soda au alipuliziwa hewa kwa barakoa, linaweza kukutolea mawimbi mawili matatu yanayozidi kuwa mafupi hadi yaishe. Ukiona hivyo, au ukiona mstari umelala tu, chukulia kwamba mrija uko njia ya chakula hadi uthibitishe vinginevyo.

Tulikuwa tunamfanyia mama upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Sikugusa ventileta, lakini EtCO2 ilitoka 36 ikafika 21 kwa dakika chache. Mwenzangu alisema nipunguze pumzi ili namba ipande. Alikuwa sahihi? (Mtaalamu wa usingizi, Bungoma)

Hapana, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kuuliza, kwa kuwa ushauri huo nausikia mara nyingi.

Kaboni dayoksaidi hutengenezwa na mwili wote, hubebwa na damu hadi mapafuni, kisha hutolewa na pumzi. Wengi wetu tumefunzwa hatua hiyo ya mwisho tu: pumzi nyingi, namba chini, pumzi chache, namba juu. Lakini matatu isipofika stendi, hakuna abiria wa kushuka hata mlango ukiwa wazi. Moyo ukipeleka damu kidogo mapafuni, sehemu ya vifuko vya hewa hupata hewa bila kupata damu. Hewa ya vifuko hivyo hutoka ikiwa haina kitu na kuizimua ile yenye kaboni dayoksaidi, na namba hushuka.

Utatofautisha vipi? Anza na ventileta. Kama ilikuwa inatoa mililita 450 mara 12 kwa dakika, hiyo ni lita 5.4. Ukikuta bado ni 5.4, pumzi haijaongezeka, kwa hiyo si pumzi iliyoishusha namba. Kisha tazama umbo. Mrija ukichomoka, wimbi hupotea mara moja. Ukivuja, au bomba dogo la kunyonya sampuli likilegea, tambarare huharibika. Mama yako, kwa jinsi ulivyonieleza, mawimbi yake yalibaki na pembe nzuri na tambarare safi, yakawa mafupi tu, kila moja fupi kidogo kuliko la kabla yake. Weka hilo pamoja na mapigo yanayopanda na presha inayoshuka, na tumbo ambalo tayari unajua lina damu. Mama alikuwa anaishiwa damu.

Laiti ungepima damu ya ateri wakati ule, huenda ungekuta 38 au 40 huku skrini ikisema 21. Kwa kawaida tofauti ya namba hizo mbili ni 2 hadi 5 tu. Kwa hiyo ukipunguza pumzi ili skrini ipendeze, unaipandisha ile ya ndani ya damu, unamwongezea asidi mgonjwa ambaye tayari yuko kwenye mshtuko, na chanzo hujakigusa.

Cha kufanya ni kumwambia daktari wa upasuaji kwa sauti akamate mshipa unaovuja, kupunguza gesi ya usingizi inayozidi kushusha presha, kuweka oksijeni kamili, kufungua dripu na kuagiza damu iletwe thieta. Kisha itazame namba hiyo hiyo. Ikianza kupanda, 21, 25, 30, bila wewe kugusa ventileta, ujue damu imerudi kufika mapafuni. Mara nyingi utaliona hilo kabla mkanda wa presha haujamaliza kupima.

Tahadhari moja: ikishuka ghafla ndani ya pumzi chache, na oksijeni nayo ikafuata, fikiria donge la damu au hewa iliyoingia kwenye mshipa na kuziba njia ya mapafu.

Tunapokanda kifua cha mgonjwa ambaye moyo umesimama, namba hii inatusaidia? (Muuguzi, Busia)

Inasaidia sana, kwa sababu hapo damu yote inayofika mapafuni inapelekwa na mikono yenu. Ikiwa chini ya 10, kwanza angalieni mkandaji: amechoka, anabonyeza juu juu, au haachi kifua kirudi juu. Mbadilisheni. Ikiruka ghafla, mathalani kutoka 14 hadi 38, moyo huenda umeanza kupiga, basi pimeni mapigo. Anayebonyeza mfuko wa hewa abonyeze mara moja kila sekunde 6, maana akiharakisha ataishusha namba mwenyewe, na mtadhani mkandaji ndiye mwenye kosa. Sodiamu baikaboneti nayo huipandisha kwa muda mfupi bila moyo kurudi. Ikibaki chini ya 10 baada ya dakika 20 za kukanda vizuri kwa mgonjwa mwenye mrija, matumaini ni madogo, ila msiache kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

Monita moja hapa inasoma asilimia badala ya mmHg. Inaonyesha 5. Ni sawa na 38 tuliyosoma vitabuni? (Fundi wa vifaa vya hospitali, Nakuru)

Pwani, ndiyo. Kwenu, hapana. Asilimia ni sehemu ya shinikizo la hewa la mahali ulipo. Mombasa shinikizo hilo ni karibu 760 mmHg, na asilimia 5 yake ni 38. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, shinikizo ni kama 610, na asilimia 5 yake ni karibu 30. Mgonjwa anayeonekana wa kawaida kumbe anapumuliwa kupita kiasi. Kwa Nakuru, 40 mmHg itaandikwa kama asilimia 6.6.

Ingia kwenye mipangilio ubadilishe kipimo kiwe mmHg, kisha uangalie kama monita inajipimia shinikizo la hewa yenyewe au inataka uingize mwinuko wa mahali. Kama inataka uingize, huenda bado imebaki na sifuri ya kiwandani. Ikiwa haikubali kubadilishwa, bandika karatasi kwenye monita yenye hesabu hiyo, ili wa zamu ya usiku asilazimike kuikumbuka.