Rasimu ipi inaeleweka kwa jicho la kwanza? Hivi ndivyo ninavyozipima

*"Wakuu, tuna rasimu tatu za infografiki moja na timu imegawanyika, kila mtu ana anayoipenda. Nitajuaje ni ipi inayofikisha ujumbe haraka kwa mtu ambaye hatasoma maandishi madogo?"*

Mkuu, kabla hujamwonyesha mtu yeyote, andika sentensi moja inayosema msomaji anatakiwa kuondoka na nini. Iwe sentensi kamili inayodai jambo. "Maji duniani" ni mada tu. "Karibu maji yote duniani ni ya chumvi, na sehemu kubwa ya yasiyo na chumvi imeganda" ni ujumbe. Usipokuwa na sentensi hiyo, mtu akikujibu "inahusu maji" hutajua umhesabu amepata au amekosa. Na wote waikubali kabla majibu hayajaanza kuingia, maana yakishaingia kila mwenye rasimu yake atayavutia kwake.

Nimechagua mfano wa maji kwa sababu niliwahi kupima rasimu tatu za ujumbe huohuo, na takwimu zake ni rahisi kushika. Asilimia 97.5 hivi ya maji yote ni ya chumvi. Katika asilimia 2.5 inayobaki, zaidi ya theluthi mbili ni barafu, sehemu kubwa ya kilichosalia iko chini ya ardhi, na mito na maziwa ni chembe tu.

Rasimu ya kwanza ilikuwa chati ya duara yenye kichwa "Maji Duniani" na ufunguo wa rangi pembeni. Ya pili ilikuwa picha ya dunia ya buluu, juu yake tarakimu kubwa kuliko kitu kingine chochote: 97.5%. Ya tatu ilikuwa na mhimili mmoja mrefu wa kijivu uliokatiza ukurasa, ncha yake imepakwa rangi ya chungwa, na chini yake mhimili wa pili ulioikuza ncha ile kuonyesha barafu, maji ya ardhini na kadhalika. Kichwa chake kilikuwa sentensi nzima. Timu iliyozitengeneza ilipenda ya pili, na kwa macho kweli ilikuwa nzuri kuliko zote.

Hatua ya kwanza haihitaji watu. Ondoa maandishi madogo kwa kuifanya picha iwe na ukungu, kisha angalia kinachobaki. Kwa picha yenye upana wa pikseli 1080 hivi mimi hutumia amri hii ya ImageMagick, programu ya bure ya kuhariri picha kwa amri:

```
magick rasimu-a.png -blur 0x10 a-ukungu.png
```

Ongeza au punguza hiyo 10 mpaka maelezo ya chini yasisomeke lakini kichwa bado kisomeke kwa taabu. Hapo utaona ni umbo gani linaloshika jicho kwanza. Kwenye rasimu ya kwanza lilibaki duara lililojaa rangi moja, na kipande cha asilimia 2.5 karibu kilitoweka, kwani katika duara la nyuzi 360 kipande hicho kinapata nyuzi 9 tu. Wanatakwimu Cleveland na McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba watu hulinganisha nafasi kwenye kipimo kimoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe. Hapa tatizo lilizidi usahihi, kwa sababu kipande chenyewe kilichobeba ujumbe hakikuonekana. Kwenye rasimu ya tatu ncha ya chungwa ilionekana hata kwenye ukungu mzito, kwa kuwa ilikuwa rangi pekee iliyokolea kwenye ukurasa wa kijivu.

Ila ukungu unakuambia jicho litakwenda wapi. Haukuambii akili itaelewa nini, na hapo ndipo wengi wanapoishia mapema. Lazima uulize watu.

Tengeneza nakala ya kila rasimu ambayo maandishi madogo yamebadilishwa kuwa mistari ya kijivu yenye urefu na unene uleule. Usiyafute kabisa, kwa sababu ukifuta unabadilisha mpangilio na kuacha nafasi nyeupe ambayo haitakuwepo kwenye kazi halisi. Kichwa na tarakimu kubwa zibaki kama zilivyo. Mwonyeshe mtu nakala hiyo kwa sekunde 5, iondoe, kisha uliza swali moja tu: "Ulichokiona kilikuwa kinakuambia nini?" Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Usimuulize "umeelewa?", kwa kuwa karibu kila mtu atasema ndiyo. Usimpe majibu ya kuchagua, kwa sababu chaguo sahihi litamkumbusha jambo ambalo hakuliona. Muda uwe uleule kwa wote. Kupima kwa saa ni lini mtu atatamka jibu huingiza tofauti za watu wenyewe: mmoja husema chochote haraka, mwingine huchagua maneno kwanza.

Jambo ambalo silegezi kamwe ni hili: kila mtu aone rasimu moja tu. Akishaona ya kwanza, tayari anajua habari ni ya maji ya chumvi na barafu, hivyo ya pili itaonekana kueleweka haraka hata kama ni mbovu. Kumwekea mtu rasimu tatu mezani na kumuuliza ipi inaeleweka zaidi kunakupa anachokipenda, na hilo ni swali jingine. Pia waliokaa kwenye vikao vya kazi hiyo hawafai kupimwa, maana ujumbe wameshaubeba kichwani.

Majibu nayagawa mafungu manne: aliyepata ujumbe, aliyepata nusu, aliyetaja mada tu, na aliyeondoka na ujumbe usio sahihi. Wanaoyagawa wawe wawili, wasijue jibu lipi limetoka rasimu ipi, kisha walinganishe. Fungu la nne ndilo ninalolisoma kwa makini kuliko yote. Mtu aliyetaja mada tu anaweza bado kuangalia tena, lakini aliyeondoka na ujumbe wa kinyume anaondoka akiwa na uhakika, na huyo hana sababu ya kurudi kusoma maandishi madogo.

Kwenye rasimu ya kwanza wengi walisema "inahusu maji", basi. Ya pili ndiyo iliyowashtua walioitengeneza. Jibu lililojirudia lilikuwa kwamba dunia ina maji mengi sana. Ukifikiri, walisoma picha kwa uaminifu kabisa: dunia ya buluu, tarakimu kubwa, neno maji. Takwimu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa takwimu ya upande wa wingi ilhali ujumbe ulihusu uchache, na maelezo kwamba hiyo ni ya chumvi yalikuwa kwenye maandishi madogo chini ya tarakimu. Tangu hapo huwa nakagua kila tarakimu kubwa kwa kujiuliza: mtu akiisoma pamoja na picha peke yake, itamwelekeza kwenye sentensi yetu au mbali nayo?

Rasimu ya tatu ilifanya vizuri zaidi, lakini nayo ilikuwa na jeraha lake. Baadhi ya waliojibu walisema zaidi ya nusu ya maji duniani ni barafu. Chanzo kilikuwa mhimili wa pili. Ulichorwa kwa urefu uleule wa ule wa kwanza, hivyo jicho liliichukua mihimili yote miwili kuwa ya kipimo kimoja. Kama mhimili wa juu una upana wa pikseli 1000, ncha ya chungwa ina pikseli 25, halafu chini yake unaona barafu imechukua pikseli karibu 700. Mwenye sekunde 5 hawezi kujua kwamba hiyo 700 ni sehemu ya ile 25. Marekebisho yalikuwa kuufupisha mhimili wa chini, kuupaka wote jamii ya rangi ya chungwa, na kuchora kabari nyepesi inayopanuka kutoka kwenye ncha hadi kwenye mhimili ule, ionekane wazi kuwa ni kitu kilekile kimekuzwa. Ilipopimwa kwa watu wapya, jibu la "zaidi ya nusu ni barafu" lilipungua sana.

Sasa utaniuliza: je, haikushinda kwa sababu ya kichwa tu? Swali la haki, na linapimika. Ipe rasimu ya kwanza kichwa kilekile cha sentensi nzima, halafu pima kwa watu wengine. Mara nyingi kichwa ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya kazi, na kama chati ya duara yenye kichwa kizuri inalingana na mhimili, huna haja ya kuchora upya kila kitu. Kisha fanya kinyume chake: funika kichwa, uone picha peke yake inasema nini. Picha ikiwa kimya bila kichwa, hilo linavumilika. Ikisema jambo linalopingana na kichwa, rudi mezani, kwa sababu wapo wanaotazama picha kabla ya kichwa.

Kuhusu idadi ya watu, watu watano kwa kila rasimu wanatosha kukuonyesha makosa makubwa kama lile la dunia ya buluu. Hawatoshi kutangaza mshindi. Ukiwa na 12 kwa kila rasimu, matokeo ya 10 dhidi ya 4 yana uzito, kwani ni vigumu kuyapata kwa bahati tu. Matokeo ya 7 dhidi ya 5 hayakuambii lolote, na hapo timu isijifanye imeamua kwa ushahidi. Katika hali hiyo mimi huangalia ni rasimu ipi yenye majibu machache ya fungu la nne, nikaichukua hiyo.

Mwisho, pima kwa ukubwa ambao itatazamwa. Rasimu inayoshinda kwenye skrini ya kompyuta inaweza kuanguka kwenye simu: ncha ya pikseli 25 kati ya 1000 ikibanwa kwenye mhimili wa pikseli 320 inakuwa pikseli 8, na ukiizungushia mstari wa pembeni mnene rangi yenyewe inakwisha. Ondoa mstari huo na uongeze kimo cha mhimili. Na kama utatofautisha kwa rangi, epuka kutegemea nyekundu dhidi ya kijani, kwa kuwa wapo wasiozitofautisha, hasa wanaume. Geuza picha iwe ya kijivu kwa ImageMagick ileile, ukiweka `-colorspace Gray` mahali pa `-blur 0x10`. Ncha ikipotea humo, ifanye iwe nyeusi zaidi kuliko mhimili uliobaki kabla hujaita watu wengine.