Saba ya Fimbo na maneno ya majirani

"Nimepanga karata tatu za tarot: mimi, hali yetu, mwenzangu. Majirani wanatusema sana, na katikati imetoka Saba ya Fimbo. Tupambane nao?"

Pole dada. Aliyekujibu kabla yangu kwamba ni karata ya ugomvi kapatia nusu. Ugomvi wa wote kwa wote ni Tano ya Fimbo. Kwenye picha ya Saba, mtu mmoja yuko juu, fimbo sita zinamjia kutoka chini, na walioshika hawaonekani. Umbea ndivyo ulivyo: maneno yanakufikia, msemaji humuoni. Angalia pia kwamba anazuia tu, hashuki kuwafuata. Kwa hiyo usipite mlango kwa mlango kujieleza, maana ukishuka umeacha mahali penye nguvu yako.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba yuko peke yake. Wewe ukijibu majirani, mwenzako yuko wapi? Rudi kwenye karata yake. Ikiwa ni Mbili ya Vikombe, mnasimama pamoja. Ikiwa ni Nne ya Vikombe, yule aliyekunja mikono chini ya mti, basi unayelinda ni wewe tu, na ningezungumza naye kwanza kabla ya kumjibu jirani yeyote.

Karata yake ilikuwa ipi? Na hiyo Saba ilitoka wima au kichwa chini?