Meneja kuomba kazi ya karani

"Nimekuwa meneja wa kliaringi miaka 17. Sasa naomba ukarani wa hati, kila mara naambiwa nimezidi kiwango. Nijibu vipi?"

Salama, ndugu yangu. Anayekuhoji anahofia utaondoka ukipata kazi kubwa zaidi, utadai mshahara wa zamani, au utambishia msimamizi aliye mdogo kwako.

Mimi niliwahi kuongoza watu 12 hapa Mombasa, kisha nikaomba ukarani. Mara mbili nilisema "niko tayari kwa kazi yoyote". Nikakosa, maana kauli hiyo inasikika kama dhiki. Mara ya tatu nilifungua barua hivi: "Naomba ukarani kwa kupenda. Nilichokifurahia miaka yote ni kuandaa hati za forodha, si kusimamia watu. Mshahara mliotangaza unanitosha." Niliitwa.

Sababu yako iwe ya kweli, maana watakuchimba. Kwenye wasifu usifute miaka, pengo litazua maswali mengine. Punguza tu mistari ya uongozi, na kazi za hati ulizofanya kwa mkono wako zitangulie.

Wakigusia bosi kijana (watagusia!), usiseme "sina neno". Simulia siku uliyofuata uamuzi wa mdogo wako, na mzigo ukatoka bandarini.