Vitu viwili kwa Kislovenia: wapi uwili, wapi wingi

Sentensi ya Kiswahili kama "Wamefika" haisemi kama ni watu wawili au kumi, wala kama ni wanawake au wanaume. Kislovenia hakikuachii kuyanyamazia hayo. Kati ya umoja na wingi kina uwili, nao hugusa nomino, kivumishi, kiwakilishi na kitenzi kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, isome upya matini ya asili utafute idadi na jinsia. Usipoziona, muulize mwenye matini, kwa sababu ukibahatisha utakuwa umeongeza habari ambayo hakuisema.

Tuanze na nomino. Kiti ni *stol*, na viti viwili ni *dva stola*. Meza ni *miza*, mbili ni *dve mizi*. Dirisha ni *okno*, mawili ni *dve okni*. Namba yenyewe hufuata jinsia ya nomino: *dva* kwa ya kiume, *dve* kwa ya kike na isiyo na jinsia. Kivumishi nacho hufuata: *dva nova stola*, *dve novi mizi*. Idadi ikishajulikana, namba huweza kuachwa: *Stola sta v kuhinji* tayari ni "viti viwili viko jikoni".

Wageni wengi huteleza hapa, maana *stola* ni umbo la umoja pia: *brez stola* ni "bila kiti", kiti kimoja. Vivyo hivyo *na mizi* ni "juu ya meza" moja. Nomino peke yake haitoshi kuwa ushahidi; tazama kitenzi. *Je* ni cha kimoja, *sta* cha viwili, *so* cha wingi. Na ukitaka kusema "bila viti viwili", nomino huazima umbo la wingi: *brez dveh stolov*.

Sasa chukua sentensi hii: "Dada wawili walifika kwa miguu. Miguu iliwauma, wakavua viatu." Tafsiri yake:

*Sestri sta prišli peš. Bolele so ju noge, zato sta si sezuli čevlje.*

*Sestri* ni uwili wa *sestra*, ndiyo maana kuna *sta* na *prišli*. Wangekuwa kaka wawili, ungeandika *Brata sta prišla*, kisha *sezula*. Kaka mmoja na dada mmoja? Umbo la kiume hushinda: *Brat in sestra sta prišla*. Angalia vizuri *prišli*: ni uwili wa kike, lakini pia ni wingi wa kiume. *Sestri sta prišli* ni dada wawili, *bratje so prišli* ni kaka watatu au zaidi. Tofauti ya kitenzi imebaki kwenye *sta* na *so* tu, kwa hiyo ukikosea hapo msomaji atayumba.

Lakini mbona miguu imekuwa *noge so*, yaani wingi, wakati kila mtu ana miwili? Hili ndilo jambo ambalo anayejifunza hulikosea akiwa ameshazijua kanuni zote. Vitu vinavyokuja viwili viwili kwa asili, kama macho, mikono, masikio, viatu, soksi, hata wazazi, hutajwa kwa wingi. Mtu mmoja akilalamika miguu inamuuma husema *Bolijo me noge*. Ukiandika *Bolita me nogi*, Mslovenia atahisi unahesabu miguu yako. Uwili hurudi pale hesabu yenyewe inapokuwa ndiyo habari, kwa kawaida pamoja na *dva*, *dve*, *oba* au *obe*: *Obe roki sta umazani*, mikono yote miwili ni michafu. Wazazi wangu ni *moji starši so*, lakini wazazi wote wawili ni *oba starša sta*.

Jozi nazo huhesabiwa kwa neno *par*. Jozi mbili za soksi ni *dva para nogavic*. *Dve nogavici* ni soksi mbili tu. Suruali, *hlače*, haina umoja. Moja huchukua kitenzi cha wingi, *Hlače so nove*, na mbili huwa *dvoje hlač*, si *dve hlači*.

Kuna mtego mmoja unaomnasa hasa mzungumzaji wa Kiswahili. Kwetu "ishirini na mbili" huishia na mbili, hivyo mkono hukimbilia uwili. Kislovenia hutanguliza mbili: *dvaindvajset*. Neno huishia na ishirini, kwa hiyo ni *dvaindvajset stolov je*, bila uwili wowote. Mia na mbili, *sto dva*, huishia na mbili kweli, na hapo uwili ni lazima: *sto dva stola sta*.