Bili ya maji imeruka ghafla

"Miezi miwili nimelipia uniti 6, huu wa tatu 24, na matumizi ni yale yale. Napingaje?"

Anza kuangalia kama ile miezi miwili ilikuwa ya makadirio, yaani mita haikusomwa. Kwenye bili huandikwa karibu na usomaji wa mita. Kwa bei za hapa Kenya, uniti inapanda bei kadiri unavyotumia zaidi. Kama kweli unatumia 12 kila mwezi, zile 12 ambazo hazikuhesabiwa zimerundikwa mwezi huu na kuangukia ngazi ya bei ghali. Maji ni yako, bei ndiyo si haki.

Andika barua kwa kampuni ya maji, ambatanisha picha ya mita inayoonyesha namba yake, uombe uniti 36 zigawanywe kwa miezi mitatu na ulichokwisha lipa kitolewe kwenye jumla. Wakikataa, peleka malalamiko WASREB, bodi inayosimamia kampuni za maji, pamoja na nakala ya barua iliyopigwa muhuri. Nimefanya kazi ya bili, barua isiyo na muhuri hupotea.

Kuna aliyesema mita yako ni mbovu. Huenda yuko sahihi, lakini kwanza funga mifereji yote. Kinyota cha mita kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja ndani kwako.