Jumla ikikataa kukubali, pima urefu wa seli

Shemeji yangu anauza dagaa kutoka mwalo wa Katonga, hapa Kigoma. Mnunuzi wake mkubwa huweka orodha ya malipo kwenye ukurasa wa mtandao, naye huinakili na kuibandika kwenye Excel. Juzi malipo yalikuwa manne: 412,000, 385,500, 97,000 na 640,000. `SUM` ikampa 509,000. "Shem, hawa jamaa wamenipunja," akasema. Kwa mkono inatoka 1,534,500.

Hakupunjwa. `SUM` ilihesabu mistari miwili tu, ikairuka mingine bila kupiga kelele, kwa sababu ile mingine ni maandishi yanayofanana na namba. Ungeona `#VALUE!` ungeshtuka mapema. Jumla pungufu ndiyo hatari, maana inaaminika. Kwa kawaida namba halisi hukaa kulia mwa seli na maandishi hukaa kushoto, ila ukishaziweka katikati dalili hiyo inapotea. Linganisha `COUNT`, inayohesabu seli zenye namba tu, na `COUNTA`, inayohesabu kila seli yenye kitu: kwake ya kwanza ilitoa 2, ya pili 4.

Kisha tukapima seli mojawapo yenye kasoro:

```
=LEN(B3)
=UNICODE(RIGHT(B3,1))
```

385,500 ina herufi saba ukihesabu na mkato. Excel ikasema nane. Ya nane ilikuwa namba 160, yaani nafasi isiyokatika. Watengeneza kurasa huiandika ` ` ili kiasi na jina la sarafu visitengane mstari ukijaa. Nafasi ya kawaida ni namba 32, na `TRIM` huondoa hiyo tu. Ndiyo maana watu wengi huijaribu `TRIM`, wakaona hakuna kilichobadilika, wakaanza kuandika namba upya moja moja.

Fomula iliyotutoa ni hii, kwenye safu mpya pembeni:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B3,UNICHAR(160),""),",",""))
```

Ya ndani inafuta nafasi, inayofuata inafuta mkato wa maelfu, kisha `VALUE` inageuza kilichobaki kuwa namba. Iburute hadi chini. Seli zilizokuwa nzima haziharibiki. Jumla ya safu mpya ikatoka 1,534,500. Ukitaka kufuta safu ya zamani, nakili kwanza ile mpya na uibandike kama thamani tupu, la sivyo fomula zitabaki hazina pa kusoma.

Seli ya 640,000 ingeweza kusumbua zaidi. Kuna alama nyingine, namba 8203, isiyo na upana wowote: huioni hata ukipitisha kishale. `UNICODE` ikikupa hiyo, ongeza `SUBSTITUTE` moja yenye `UNICHAR(8203)`. Na ikiwa `RIGHT` imekupa tarakimu ya kawaida, angalia mwanzo kwa `LEFT`, kwani alama hujificha huko pia.

Kama orodha yako inatumia mkato kwa desimali, usiitumie fomula hii ilivyo: 12,5 itakuwa 125.