Video ya dakika 10 kwa neti ya polepole

"Video ya dakika 10 naongea tu mbele ya kamera, imetoka 600 MB na neti yangu inapandisha 1 Mbps, nitoe kwa seting gani?"

Toa 720p, fremu 30 kama ulivyorekodi, kwenye Bitrate, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde ya video, weka 2.5 Mbps, faili litashuka mpaka kama 190 MB, yaani dakika 25 hivi badala ya saa na dakika 20. Kuna aliyekushauri ushuke 480p, kapatia nusu, uzito unaamuliwa na Bitrate, ukipunguza picha ukaacha Bitrate ileile ya 8 Mbps iliyo kwenye faili lako sasa, faili halipungui. Mi hupandisha vipindi vya darasani kila wiki hivyo na sura inabaki safi. Ila kama kuna mpira au ngoma picha itavunjika viboksiviboksi, hapo panda mpaka 4 Mbps, jaribu kwanza sekunde 20 za sehemu yenye mwendo mwingi